Kutoka klipu ya polepole hadi sauti usiyowahi kuisikia: ratiba ya wiki nane ya kusikiliza kwa ajili ya IELTS

Hapa Dodoma wanaojiandaa na mtihani wa Kiingereza wa IELTS wengi ni wanafunzi wa UDOM wanaotafuta nafasi za masomo nje, pamoja na wauguzi na watumishi wanaotakiwa kuonyesha cheti hicho kwenye maombi yao. Karibu wote huja na malalamiko yaleyale: "Mwalimu, nikisoma maandishi ya mazungumzo naelewa kila kitu. Nikisikiliza napata nusu." Maneno wanayajua, maana walikisoma Kiingereza miaka yote ya sekondari na chuo. Tatizo ni kwamba walikisoma kwa macho, na sikio likabaki nyuma. Kurudia mitihani ya majaribio kila siku hakuliponyi tatizo hilo, kwa sababu mtihani wa majaribio hukuambia umekosa bila kukuambia kwa nini. Mwongozo huu unahusu hiyo "kwa nini", na jinsi ya kuyaacha maandishi hatua kwa hatua mpaka usiyahitaji tena.

Kwanza ujue unachokwenda kukutana nacho. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40 yaliyogawanywa katika mafungu manne ya maswali kumikumi, na sauti yenyewe huchukua takriban dakika 30. Fungu la kwanza ni mazungumzo ya watu wawili kuhusu jambo la kawaida, kama kupanga chumba au kujiandikisha kozi. La pili ni mtu mmoja anayetoa maelezo, tuseme kuhusu jumba la makumbusho au huduma za mtaa. La tatu ni mazungumzo ya kimasomo, pengine wanafunzi na mwalimu wao. La nne ni mhadhara, na katikati yake hakuna kituo cha kupumzika. Sauti husikika mara moja tu. Ukifanya kwa karatasi, mwishoni unapewa dakika 10 za kuhamishia majibu kwenye fomu. Ukifanya kwa kompyuta, unapewa dakika 2 tu za kukagua. Kwa kawaida majibu sahihi 23 hukupa daraja la 6, na 30 hukupa la 7.

Kwa nini sikio linakosa maneno unayoyajua

Kiswahili hutamka silabi zake kwa haki. Nyingi zinaishia na irabu, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na hata mtu akiongea haraka silabi zote unazisikia. Kiingereza hakiendi hivyo. Maneno yenye uzito husemwa kwa nguvu, na vijineno vya katikati hubanwa mpaka karibu vipotee. Konsonanti ya mwisho wa neno hurukia neno linalofuata au humezwa kabisa. Kwa hiyo unaposubiri irabu ya kukuonyesha kwamba neno limeisha, haiji, na maneno matatu unayoyafahamu yanakupita yakiwa kama neno moja geni.

Ndiyo maana aina ya upole wa sauti ina uzito mkubwa. Upole upo wa namna mbili. Kuna msomaji anayesoma polepole kwa makusudi, kama matangazo maalumu ya VOA yaliyoanza mwaka 1959, yaliyotumia msamiati wa maneno kama 1,500 na kusomwa kwa takriban theluthi mbili ya kasi ya kawaida. Huyo hutenganisha maneno. Yeye habani wala hamezi. Kuna pia sauti ya kasi ya kawaida uliyoipunguza wewe mwenyewe kwa programu. Hiyo hubaki na kubanwa na kuunganishwa kote, ila vinatokea taratibu kiasi cha kuvikamata. Ya kwanza inafaa kwa wiki mbili za mwanzo. Anayebaki nayo miezi mitatu anazoea Kiingereza ambacho mtihani hautampa, na hapo ndipo wengi wanakwama huku wakijiona wanaendelea.

Kabla ya wiki ya kwanza

Chukua jaribio moja kamili la bure kwenye tovuti ya `ielts.org`. Lifanye lote bila kusimamisha sauti, sahihisha, andika alama na tarehe. Ukipata chini ya 16, usifuate wiki zangu nane kama zilivyo. Hatua ya kwanza, yaani ya wiki ya 1 na ya 2, ipe wiki nne au tano. Ukizidi 28, hatua ya kwanza ifupishe iwe siku tatu nne, uanze ya pili.

Kisha panga akiba ya sauti. Jaribio usilowahi kulisikia linabaki jipya mara moja tu, na nimeona watu wanaochoma majaribio yote mazuri mwezi wa kwanza, kisha mwezi wa mtihani wanarudia sauti wanazozikumbuka na kujidanganya kwa alama. Vitabu vya mitihani vinavyotolewa na Cambridge huwa na majaribio manne kila kimoja, na maandishi ya sauti yapo nyuma ya kitabu. Tafuta viwili. Cha kwanza kitatumika wiki ya tano na ya sita, cha pili usikiguse mpaka ya saba. Kwa hatua za mwanzo tumia mazoezi ya `LearnEnglish` ya British Council, yaliyopangwa kwa viwango na yenye maandishi, pamoja na `6 Minute English` ya BBC.

Pakua sauti, usitegemee kuangalia video mtandaoni. Faili la MP3 la dakika 30 kwa ubora wa kawaida ni kama MB 29, kwa hiyo bando la usiku au mtandao wa chuo unakutosha kupakua mzigo wa wiki nzima. Kwenye kompyuta tumia VLC: kitufe `[` kinapunguza kasi kidogokidogo, `]` kinaongeza, `=` kinarudisha kasi ya kawaida, na Shift pamoja na mshale wa kushoto hukurudisha nyuma sekunde chache. Kwenye simu, VLC hiyohiyo ina sehemu ya kasi. Nunua visikilizio vya masikioni vyenye waya, hata vya bei ya kawaida, na tafuta saa yenye utulivu. Msimu wa upepo Dodoma bati linapiga kelele mchana kutwa. Asubuhi na mapema au usiku ndiyo saa nzuri.

Wiki ya 1 na ya 2: polepole, maandishi mkononi

Siku tano kwa wiki, dakika 45 kila siku. Chukua klipu ya dakika moja hadi mbili, isizidi. Isikilize mara moja bila maandishi, na useme kwa Kiswahili, kwa sauti, inahusu nini. Halafu isikilize ukifuata maandishi kwa kalamu: kila mahali unaposikia maneno mawili yameungana, chora upinde mdogo kuyaunganisha, kila neno lililomezwa, lifute kwa mstari mwepesi. Karatasi itachafuka, na hiyo karatasi chafu ndiyo ramani ya jinsi lugha inavyosikika.

Baada ya hapo funika maandishi, chagua kipande cha sekunde 20 hadi 30, na ukiandike neno kwa neno. Unaruhusiwa kukirudia mara tano au sita. Ukikwama, acha nafasi tupu; usijaze kwa kukisia sarufi. Fungua maandishi, linganisha, na kila kosa lipe herufi moja pembeni:

M, msamiati: hilo neno sikulijua kabisa.
S, sauti: neno nalijua, ila sikulitambua liliposemwa.
K, kasi: nililisikia, lakini nikiwa bado natafuta maana yake, yaliyofuata yakanipita.
A, andiko: nililisikia na kulielewa, nikaliandika vibaya.

Usiziruke herufi hizi hata siku moja, kwa sababu kila moja ina tiba yake. M inatibiwa kwa kujifunza maneno. S inatibiwa kwa kurudia kipande kilekile na kukitamka wewe mwenyewe kama msemaji anavyokitamka, ukimfuata nyuma kwa nusu sekunde. K inatibiwa kwa kusikiliza vitu vingi vilivyo chini kidogo ya uwezo wako, bila kuandika chochote. A inatibiwa kwa imla na tahajia. Mtu mwenye S nyingi akienda kukariri orodha za maneno, ametibu ugonjwa asiokuwa nao.

Malizia kila siku kwa kusikia klipu nzima bila maandishi. Mwisho uwe sikio peke yake, kila siku, katika hatua zote.

Kipande kimoja kwa karibu

Tuchukue mfano wa aina ya fungu la kwanza: mtu anapiga simu kuweka nafasi ya chumba. Mwanafunzi mmoja wa Ng'ong'ona niliyekuwa nikimsaidia aliandika hivi kwenye fomu yake: jina HEYIS, simu inaishia 249, siku ya kwanza saa 3:30, bei pauni 50. Majibu sahihi yalikuwa HAYES, 449, saa 10:15, na pauni 15. Manne kati ya manne yamekosewa, na bado mazungumzo yenyewe aliyaelewa na kuyasimulia vizuri. Tuyatazame moja moja.

Jina lilitajwa herufi kwa herufi: eichi, ei, wai, ii, es. Sikio la Kiswahili likisikia "ei" mkono huandika E, na likisikia "ii" huandika I, kwa sababu ndivyo irabu zetu zinavyosomwa. Kwa Kiingereza "ei" ni A, "ii" ni E, na "ai" ndiyo I. Hilo ni kosa la A, na tiba yake ni dakika tano kila siku kwa muda wa wiki: mtu akutajie majina kwa herufi za Kiingereza, wewe uandike. Ongeza G na J, ambazo husikika "jii" na "jei" na kubadilishana kila mara.

Namba ya simu ilisomwa "dabo foo, nain". Maana yake ni 44 kisha 9. Alisikia dalili ya mbili akaandika 2. Vilevile sifuri kwenye namba za simu husomwa kama herufi O. Hakuna nadharia hapa. Andika namba za simu kwa imla mpaka mkono uzoee.

Saa ni mtego wetu wenyewe. Msemaji alisema saa tisa na nusu ya Kizungu, yaani 9:30, na kichwa kikaibadilisha kuwa saa tatu u nusu kama tunavyohesabu nyumbani; mkono ukaandika 3:30. Unapokuwa kwenye zoezi, zima kabisa saa ya Kiswahili. Andika tarakimu ulizosikia, usitafsiri. Lakini hata angeandika 9:30 angekosa, kwa sababu baadaye kidogo mpokeaji wa simu alisema saa hiyo imeshachukuliwa, wakakubaliana 10:15. Fungu la kwanza hupenda kutoa jibu la uongo kwanza kisha kulisahihisha. Kwa hiyo jibu la kwanza liandike kwa wepesi na uendelee kusikiliza mpaka msemaji ahamie jambo lingine.

Bei ndiyo iliyomuumiza zaidi, kwa sababu aliapa amesikia 50. Tofauti ya 15 na 50 iko kwenye mkazo: katika 15 silabi ya mwisho ni ndefu na nzito, "fifTIIN", katika 50 uzito uko mwanzoni na mwisho wake ni mfupi, "FIFti". Tulikirudia kipande hicho kwa kasi ya 0.75, kisha 0.9, kisha kasi kamili, naye akikitamka kila mara. Akaisikia. Tukafanya vivyo hivyo kwa 13 na 30, 14 na 40, mpaka 19 na 90. Hilo lilikuwa kosa la S, na lilitibika siku ileile kwa sababu tulilijua kwa jina.

Wiki ya 3 na ya 4: kasi ya kawaida, maandishi baadaye

Sasa maandishi yanahama. Hayafunguliwi kabla ya kusikiliza wala wakati wa kusikiliza. Yanafunguliwa mwishoni kwa kusahihisha tu. Chukua klipu za dakika tatu hadi sita zinazosemwa kwa kasi ya kawaida. Mzungumzaji wa Kiingereza asiyekuwa na haraka husema kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo kipande cha nusu dakika ni maneno 75 hivi. Hicho kinatosha kwa imla ya siku.

Sikiliza klipu nzima mara mbili bila kusimama, ukiandika pointi kwa vifupisho vyako. Chagua sehemu uliyoikosa zaidi, si ile uliyoipenda, na uifanyie imla. Hapa tu ndipo kupunguza kasi kunaruhusiwa: sekunde zile ngumu zisikie kwa 0.75, panda taratibu, malizia kwa kasi kamili. Ukigundua unaanza klipu nzima kwa 0.75 kwa mazoea, umerudi hatua ya kwanza bila kujitangazia. Chini ya 0.7 usiende, sauti huvutika na kupoteza umbo la maneno, na unachojifunza hapo hakipo duniani.

Konsonanti za mwisho zipe uangalizi maalumu katika wiki hizi, hasa S ya wingi. Katika mtihani, jibu linalotakiwa kuwa la wingi likiandikwa la umoja ni kosa, na sisi tunaiacha kwa urahisi kwa sababu wingi wetu unakaa mwanzoni mwa neno. Kila unapoandika nomino, jiulize kama ulisikia S. Kama lugha ya nyumbani kwenu haitenganishi R na L, nazo ziwekee dakika chache za imla.

Klipu ulizokwisha kuzifanyia kazi ziweke kwenye simu, uzisikilize kwenye daladala ya kwenda mjini au ukiosha vyombo. Hiyo ndiyo tiba ya K. Lakini klipu mpya usiianzie kwenye daladala. Kelele itakunyima sauti, na hutajua kama ulikosa kwa sababu ya sikio au ya honi.

Ukomo wa hatua hii ni huu: uweze kuandika imla ya sekunde 30 kwa kasi kamili, kwa kurudia mara mbili, ukikosa maneno yasiyozidi manane kati ya 75. Kama hujafika, ongeza wiki.

Wiki ya 5 na ya 6: sauti mpya, mara moja

Chukua kitabu cha kwanza cha Cambridge. Kina majaribio manne ya mafungu manne, jumla mafungu 16. Fanya mafungu mawili kwa siku, siku nne kwa wiki, kitaisha katika wiki mbili. Siku ya tano irudie makosa tu.

Hapa kanuni zinabadilika. Sauti inachezwa mara moja na haisimamishwi kwa lolote. Ule muda mfupi wa kusoma maswali kabla ya sauti utumie wote: tabiri aina ya jibu kwa kila nafasi tupu, kama ni namba, jina, siku au nomino ya wingi, na ukomo wa maneno uliowekwa uuzungushie duara. Ukiambiwa maneno yasizidi mawili ukaandika matatu, jibu ni kosa hata kama ulisikia sawasawa.

Kwenye fungu la tatu na la nne, maneno ya swali mara nyingi hayatasikika kabisa. Swali likiuliza sababu ya utafiti kuchelewa, msemaji anaweza kusema kwamba wangeanza mapema kama si mvua. Anayesubiri neno "kuchelewa" atasubiri mpaka mwisho wa mhadhara. Kwa hiyo unaposoma swali, lisome kama wazo, na ujiulize wazo hilo lingesemwa vipi kwa njia mbili nyingine.

Ukikosa jibu, liache papohapo. Dalili ya kwamba hujajifunza kuacha utaiona kwenye karatasi: makosa yamekuja matatu mfululizo, la kwanza ni S, na mawili yanayofuata ni K. Hayo mawili hukuyakosa kwa kutoelewa. Uliyakosa ukililia la kwanza. Weka kidole kwenye swali unalolisikiliza na kingine kwenye linalofuata, ili ukipitwa na moja ujue pa kudakia.

Baada ya kusahihisha ndipo maandishi yafunguliwe. Tafuta sentensi yenye jibu, isikilize mara tatu, ipe herufi yake, itamke. Maandishi mengine usiyasome. Changanya pia lafudhi: mtihani hutumia Waingereza, Waaustralia, Wanyuzilandi, Wamarekani na Wakanada. Aliyezoea sauti ya BBC peke yake hushtuka akimsikia Mwaustralia, kwa sababu ile "ei" yake inakaribia "ai" na inaharibu hata herufi za majina.

Wiki ya 7 na ya 8: mtihani mzima

Kitabu cha pili: majaribio mawili kwa wiki, yote 40, kwa mkupuo. Usifanye mawili siku zinazofuatana. Siku ya jaribio ni kufanya na kusahihisha, siku inayofuata ni kuchambua makosa kwa herufi, siku ya tatu ni kutibu. Fanya katika saa ileile ya mtihani wako, na kwa njia ileile. Kama umejisajili wa kompyuta, vaa visikilizio, andika majibu moja kwa moja kwenye skrini na ujipe dakika 2 tu. Ukizoea zile dakika 10 za karatasi utaaibika. Kama ni wa karatasi, sikiliza baadhi ya majaribio kupitia spika ya chumbani, kwa kuwa si kila chumba cha mtihani hutoa visikilizio.

Tazama alama kwa fungu, siyo jumla peke yake. Jumla ya 27 iliyotokana na 9, 8, 6, 4 ni habari tofauti na ya 7, 7, 7, 6. Wa kwanza anapungukiwa uvumilivu wa mhadhara. Atumie siku zake za tiba kusikiliza mihadhara ya dakika saba hadi kumi bila kusimama. Wa pili anamwaga kidogokidogo kila mahali, na mara nyingi ukihesabu herufi zake utakuta A nyingi: tahajia, S ya wingi, tarakimu. Huyo anaweza kupanda alama tatu nne ndani ya wiki moja bila kuongeza uwezo wa kusikia hata chembe.

Alama zikishuka jaribio moja, tazama kwanza lafudhi na mada kabla ya kubadili ratiba. Zikishuka mawili mfululizo huku K zikiongezeka, umechoka. Pumzika siku mbili nzima. Siku mbili za mwisho kabla ya mtihani usifungue sauti mpya. Sikiliza klipu ulizokwisha kuzifanyia kazi, andika imla ya majina na namba kwa dakika kumi, hakikisha kitambulisho ulichojisajilia kiko kwenye begi, na kama mtihani wako uko Dar es Salaam, safiri siku moja kabla.